Kredit noti kwenye karatasi ulizoskani: mbona deni lako halilingani na la saplaya

Mwisho wa mwezi, saplaya wanapotuma taarifa za akaunti, dawati letu la wateja hupata malalamiko ya aina moja. "Nimeskani kila karatasi, nimelipa kwa simu, meseji zote ninazo. Mbona apu yenu inasema nadaiwa pesa nyingi kuliko saplaya mwenyewe anavyosema?" Wengine huja na shida ya upande wa pili: kwenye apu wamemaliza deni, lakini saplaya amekataa kupakia mzigo kwa sababu kwake bado kuna baki.

Tukikaa na mteja tukapitia karatasi moja moja, mara nyingi hatukuti mwizi wala malipo yaliyopotea njiani. Tunakuta kredit noti. Ama ilisomwa kama invoisi, ama ilihesabiwa mara mbili, ama haikuingia kabisa. Kila kosa kati ya haya huacha alama yake kwenye hesabu, na ukishajua kuisoma utajua karatasi ya kutafuta kabla hujaanza kugombana na mtu.

Karatasi inayopunguza deni

Invoisi inasema: umechukua mali, unadaiwa hizi. Kredit noti inasema: kati ya zile ulizodaiwa, hizi zimeondolewa. Saplaya huitoa mzigo ukirudi, bidhaa zikifika pungufu, bei ikiwa iliandikwa vibaya, au akikupa punguzo baada ya invoisi kutoka. Invoisi ya kwanza haifutwi wala haibadilishwi. Inabaki vile ilivyo, na kredit noti inakuja kando yake kuipunguza.

Tuchukue mfano wa duka la rejareja pale Githurai. Mwenye duka ana baki la zamani la shilingi 12,000 kwa saplaya wake wa holseli. Anapokea mzigo mpya na invoisi nambari 2286: mitungi 4 ya mafuta ya kupikia ya lita 20 kwa shilingi 4,640 kila mmoja, katoni 5 za sabuni ya mche kwa 1,740, na magunia 2 ya sukari kwa 6,960. Bei hizi zina VAT ndani. Jumla ni shilingi 41,180.

Wakati wa kushusha, utingo anagundua katoni 2 za sabuni zimelowa maji ya mvua. Dereva anaandika karatasi ya kurudisha mali, wote wawili wanatia sahihi, na anasema, "Mama, hizi mbili narudi nazo. Ofisi itakutumia kredit noti."

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu watu wengi hujikwaa papa hapa. Karatasi ya kurudisha mali si kredit noti. Inathibitisha kwamba katoni 2 zimeondoka dukani, basi. Haina bei, na ofisi ya saplaya bado haijakubali kupunguza chochote. Iskani na uihifadhi kama ushahidi, lakini usiipe thamani kwenye leja. Ukiipunguzia deni leo, kisha kredit noti yenyewe ikaja Ijumaa, utapunguza mara mbili.

Siku mbili baadaye mwenye duka analipa shilingi 30,000 kwa Paybill ya saplaya. Siku ya tatu kredit noti inafika kama picha ya WhatsApp: CN 0417, katoni 2 za sabuni, shilingi 3,480. Leja yake inapaswa kusoma hivi:

Baki la zamani: 12,000
Invoisi 2286, ongeza 41,180: baki 53,180
Malipo kwa simu, toa 30,000: baki 23,180
Kredit noti CN 0417, toa 3,480: baki 19,700

Hiyo 19,700 ndiyo saplaya atakayoandika kwenye taarifa yake. Lakini mwenye duka akifungua apu anakuta 26,660.

Alama ya kutoa hupotea wapi

Kwenye karatasi, kiasi cha kutoa hakiandikwi kwa njia moja. Saplaya mmoja huweka kistari mbele, -3,480.00. Mwingine hukiweka nyuma, 3,480.00-, hasa kwenye zile programu za zamani za uhasibu. Wapo wanaotumia mabano, (3,480.00), na wapo wanaomalizia na herufi CR. Wengine huchapisha kwa wino mwekundu bila alama nyingine yoyote. Na wengi, pengine saplaya wako ni mmoja wao, hawaweki alama hata kidogo: kiasi kimeandikwa 3,480.00 kama kwenye invoisi yoyote, na kinachokuambia kwamba pesa hizo zinatolewa ni maneno CREDIT NOTE juu ya karatasi.

Sasa fikiria kamera ya simu inachoona. Kistari ni kitu kidogo sana. Kwenye risiti ya karatasi laini inayochapwa kwa joto, kistari ndicho huanza kufifia. Kwenye karatasi yenye mistari ya jedwali, kistari hujificha ndani ya mstari. Karatasi ikikunjwa katikati ya safu ya bei, mkunjo wenyewe unaweza kusomwa kama kistari, au kistari kikamezwa na mkunjo. Wino mwekundu hauna maana tena picha ikigeuzwa nyeusi na nyeupe. Kichwa CREDIT NOTE nacho hukatwa tu, kwa sababu mtu amesogeza simu karibu ili tarakimu zionekane vizuri.

Mabano ndiyo hutusumbua zaidi, kwa sababu yakisomwa vibaya hayapotezi alama peke yake. Bano la kushoto hufanana na tarakimu moja. (3,480.00) huweza kuingia kama 13,480.00, na hapo huna tu kosa la alama, una shilingi 10,000 ambazo hazijawahi kuwepo.

Kwa hiyo unapoiskani kredit noti, piga picha ya karatasi nzima kuanzia jina la saplaya hadi jumla. Ikiwa umetumiwa PDF, pakia hiyo PDF yenyewe badala ya kupiga picha kioo cha simu nyingine. Kabla ya kubonyeza kuhifadhi, angalia mambo mawili tu: aina ya hati, na kiasi. Kwenye apu yetu sehemu ya Aina ya hati ikisema Invoisi ilhali karatasi imeandikwa CREDIT NOTE, ibadilishe hapo hapo. Usisubiri mwisho wa mwezi.

Kuna jambo moja ambalo watu waangalifu hukosea kuliko wazembe. Mtu anachagua aina ya hati kuwa Kredit noti, kisha kwa kutaka kuwa na uhakika anaandika kiasi -3,480. Apu tayari inajua kwamba kredit noti hutolewa. Ukiipa kiasi chenye alama ya kutoa, inatoa kitu kilichokwisha kutolewa, na toa juu ya toa ni ongeza. 23,180 inakuwa 26,660, sawasawa na kama ungeiita invoisi. Alama ikae mahali pamoja tu. Kwetu inakaa kwenye aina ya hati, na kiasi kinaandikwa kitupu: 3,480. Ukihamia programu nyingine ya hesabu, hilo ndilo swali la kwanza la kuuliza, kwa sababu zipo zinazotaka alama kwenye kiasi na hazijali aina ya hati.

Gawanya tofauti kwa mbili

Turudi kwa mwenye duka wetu. Apu inasema 26,660, saplaya anasema 19,700. Tofauti ni 6,960.

Anachukua invoisi na kuanza kutafuta 6,960. Anaipata mara moja: ndiyo bei ya gunia moja la sukari. Kumbe! Apu imehesabu gunia moja zaidi. Anafungua invoisi 2286 kwenye apu, anabadilisha magunia 2 kuwa 1, jumla ya invoisi inashuka hadi 34,220, na baki linakuwa 19,700. Limelingana na la saplaya. Analala usingizi.

Amekosea, na kosa lake sasa ni gumu zaidi kulipata kuliko lile la kwanza, kwa sababu baki limeacha kulalamika. Kwenye leja yake kuna makosa mawili yanayofichana: kredit noti imeongezwa badala ya kutolewa, na gunia la sukari lililo pale dukani limefutwa kwenye vitabu. Akitaka kujua sukari inampa faida gani, hesabu itamdanganya, maana ameuza magunia 2 na vitabu vinasema alinunua 1. Sabuni nayo itaonekana kama alinunua katoni 7, ilhali alibaki na 3. Na invoisi 2286 kwenye vitabu vyake ni ya 34,220, wakati ile ile kwa saplaya, na kwenye eTIMS ya KRA, ni ya 41,180.

Jibu lilikuwa kwenye hesabu yenyewe. Kiasi kikiongezwa mahali kilipotakiwa kutolewa, tofauti huwa mara mbili ya kiasi hicho. Unakosa kutoa 3,480, halafu juu yake unaongeza 3,480 nyingine. Ndiyo maana tofauti ni 6,960 na si 3,480. Kwa hiyo kabla ya kutafuta tofauti yenyewe kwenye karatasi, igawanye kwa mbili na utafute nusu yake. 6,960 gawanya kwa 2 ni 3,480, na ukipitisha macho kwenye karatasi zako utaikuta kwenye CN 0417. Wahasibu wamekuwa wakifanya hivi tangu enzi za vitabu vya wino.

Kama nusu haipo popote, sasa tafuta tofauti nzima. Tofauti iliyo sawa kabisa na kredit noti moja ina hadithi nyingine, na upande wa tofauti ndio unaokuambia ni ipi. Baki lako likiwa juu ya la saplaya kwa 3,480, yaani 23,180 dhidi ya 19,700, kredit noti haikuingia kwako. Pengine picha ilibaki WhatsApp. Baki lako likiwa chini kwa 3,480, yaani 16,220, umeitoa mara mbili.

Lazima tuseme pia kwamba nusu inaweza kukupoteza kama ile bei ya gunia. Ukikuta karatasi mbili zinazofaa, angalia karatasi zenyewe. Ile yenye maneno CREDIT NOTE huku apu ikiiita Invoisi ndiyo mkosaji. Na kwa vyovyote, usibadilishe invoisi ili baki lilingane. Invoisi hubadilishwa kwenye apu kwa sababu moja tu: kwamba haifanani na karatasi uliyoishika mkononi.

Kredit noti iliyojificha ndani ya invoisi mpya

Kutoa mara mbili huwapata hasa wale wenye saplaya mpole, anayewakumbusha kredit noti kwenye invoisi inayofuata. Wiki mbili baadaye duka letu linapokea invoisi 2341: mitungi 3 ya mafuta, 13,920, na katoni 5 za sabuni, 8,700. Jumla ya mali ni 22,620. Chini yake kuna mstari unaosoma Less CN 0417 (3,480.00), kisha kiasi cha kulipa: 19,140.

Saplaya hajakosea. Anakuambia tu kwamba ukilipa mzigo huu, lipa 19,140 kwa sababu ile 3,480 bado ni yako. Lakini CN 0417 tayari iko kwenye leja yako tangu siku ile ilipofika. Ukiskani invoisi 2341 ikaingia kama 19,140, umeitoa tena. Baki lako litakuwa 19,700 na 19,140, yaani 38,840, wakati saplaya anaonyesha 42,320. Unatuma 38,840 kwa simu ukiamini umemaliza, na kesho yake unaambiwa kuna 3,480 haijalipwa.

Tunachowashauri wateja wetu ni kuingiza invoisi kwa thamani ya mali, 22,620, na kuacha kredit noti isimame peke yake kama hati yake, mara moja. Mstari wa Less CN uache nje ya invoisi. Njia ya pili, ya kuingiza 19,140 na kutoingiza CN 0417 kabisa, hutoa baki lile lile, na kwa mtu mwenye saplaya mmoja inaweza kutosha. Sisi hatuipendi. Ukiulizwa miezi miwili baadaye zile katoni zilizolowa zilikwenda wapi, hutakuwa na cha kuonyesha kwenye leja.

Namna ya kutambua ni nambari. Kila kredit noti ina nambari yake, na nambari hiyo haifai kuonekana mara mbili kwenye leja yako kama kiasi. Ukiona Less CN na nambari, itafute kwanza. Ikiwa ipo, usiiingize tena. Ikiwa haipo, mwambie saplaya akutumie karatasi yenyewe.

Si kila mstari wa kutoa ni kredit noti, lakini. Punguzo la hapo hapo kwa kununua vingi, au pesa za kreti za soda ulizorudisha siku hiyo hiyo, huwa ni sehemu ya invoisi hiyo na hazina karatasi nyingine. Hizo zinaingia ndani ya invoisi na alama yake ya kutoa, vinginevyo jumla haitakubali.

Na jumla ndiyo mlinzi wako kwenye invoisi za namna hii. Baada ya kuskani, jumlisha mistari kama apu ilivyoisoma na ulinganishe na jumla iliyochapwa chini. Kwenye 2341, ukifuata mistari yote: 13,920, ongeza 8,700, toa 3,480, unapata 19,140. Kama alama ilipotea, mistari itatoa 26,100 na tofauti itakuwa 6,960, ile ile mara mbili. Kama bano lilisomwa kama tarakimu moja, mistari itatoa 36,100 na tofauti itakuwa 16,960. Nusu yake ni 8,480, na hakuna mstari wa namna hiyo. Ukipata tofauti inayozidi mara mbili ya mstari fulani kwa 10,000 kamili, au 1,000 kamili kwa kiasi kidogo, angalia bano kabla ya kitu kingine.

Ukiwa na leja kwenye jedwali la kompyuta

Wateja wengine hupakua orodha yao kutoka kwa apu, kisha wanaongeza karatasi za saplaya wengine kwenye Excel au Google Sheets. Hapa kuna mtego ambao hauonekani kwa macho. Kiasi kilichonakiliwa kama 3,480.00- , chenye kistari nyuma, au kile kilichoandikwa 3,480.00 CR, mara nyingi hubaki kama maandishi badala ya kuwa nambari. Fomula ya SUM huyapita maandishi kimya kimya. Haikuonyi, haitoi kosa, inaendelea tu. Baki litakuwa juu kwa kiasi kamili cha kredit noti, kana kwamba haikuingia, na wewe unaiona pale imekaa.

Dalili ni kwamba nambari hukaa upande wa kulia wa kisanduku na maandishi upande wa kushoto, kama hujabadilisha mpangilio. Kwa uhakika, andika =ISTEXT(C5) kwenye kisanduku kitupu kando yake; jibu likiwa TRUE, hiyo C5 haihesabiwi. Futa, uandike upya kwa mkono.

Njia inayotusaidia sisi ni kuandika viasi vyote bila alama, na kuweka aina ya hati kwenye safu ya kwanza: INV kwa invoisi, CN kwa kredit noti, PAY kwa malipo. Baki la zamani liingize kama INV. Fomula ndiyo inayoamua nini kinatolewa:

```
=SUMIF(A2:A200,"INV",C2:C200)
 -SUMIF(A2:A200,"CN",C2:C200)
 -SUMIF(A2:A200,"PAY",C2:C200)
```

Kwa duka letu, kabla ya invoisi ya pili, hiyo ni 53,180 toa 3,480 toa 30,000, na jibu ni 19,700.

Baki likiwa chini ya sifuri

Tuseme mwenye duka alikuwa amelipa kila kitu, shilingi zote 53,180, kabla CN 0417 haijafika. Baada ya kuiingiza, apu inaonyesha baki la -3,480. Kuna wateja wanaoshtuka wakiona hivyo, na tumewahi kuona mtu akituma 3,480 kwa saplaya ili "kurudisha kwenye sifuri." Kutuma hakulirudishi, kunalisukuma chini zaidi hadi -6,960. Baki lenye alama ya kutoa kwenye akaunti ya saplaya maana yake wewe ndiye unayemdai yeye, yaani pesa zako ziko kwake. Unaweza kuziacha zikangojea mzigo ujao, au ukaomba arudishe.

Akirudisha kwa simu, ile 3,480 inayoingia si mauzo, na haifai kuingia kwenye mapato ya siku. Iunganishe na akaunti ya saplaya kama pesa zilizorudishwa: -3,480, ongeza 3,480, baki sifuri. Kredit noti bado lazima iwepo. Ukiingiza pesa zilizorudi bila kredit noti, leja itasema unadaiwa 3,480 usizodaiwa.

Pia tusichanganye hili na kurudisha muamala. Ukituma pesa kwa nambari isiyo sahihi na tukakurudishia, malipo yale yamefutwa na invoisi inabaki na deni lake lote. Kredit noti haigusi malipo yako, inagusa kile ulichodaiwa. Hakuna kredit noti ya pesa zilizopotea njia, na hakuna kurudisha muamala kwa sababu ya sabuni iliyolowa.

VAT na eTIMS

Kama umesajiliwa kwa VAT, kredit noti inapunguza pia kodi unayodai kwenye manunuzi. Kwenye ile 3,480, mali ni 3,000 na VAT ya asilimia 16 ni 480. Kama ulidai 5,680 kutokana na invoisi 2286, unatakiwa kupunguza 480 kwenye ritani ya mwezi ambao kredit noti ilitoka, na ritani hiyo hutumwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Angalia mstari wa VAT wakati wa kuskani, kwa sababu alama inaweza kusomwa vizuri kwenye jumla na kupotea kwenye VAT. Hapo baki la deni litakuwa sawa na kodi itakuwa imezidi kwa 960, mara mbili ya 480.

Kredit noti iliyotolewa kupitia eTIMS hutaja nambari ya invoisi inayoipunguza. Ilinganishe na invoisi uliyo nayo kabla ya kuhifadhi. Kama karatasi inataja invoisi usiyoijua, huenda ni ya duka jingine na karani amekosea mteja. Kuingiza kredit noti ya mtu mwingine kutakufurahisha wiki moja tu.

Na usikae nayo kwa ahadi. Sheria ya VAT ya mwaka 2013 inampa muuzaji miezi 6 tangu tarehe ya invoisi kutoa kredit noti. Kwa mzigo uliorudi na dereva, piga simu ofisini wiki hiyo hiyo ukiwa na nambari ya karatasi ya kurudisha mali mkononi, na uliza swali moja: "Kredit noti ya katoni 2 za invoisi 2286 ni nambari gani?" Wakikupa nambari, iandike kwenye ile karatasi uliyoskani. Wakikosa kukupa, lile deni la 3,480 bado liko kwenye vitabu vyao hata kama sabuni iko kwenye stoo yao.